Mtoto Anapumua Haraka: Je, Ni Nimonia Tu?



Kila mwaka wodi yetu ya watoto hupokea wanafunzi wa udaktari wanaokuja kujifunza kwa vitendo. Wazazi wanaouguza watoto wao wodini wametuuliza mara nyingi kwa nini vijana hawa huuliza tena maswali ambayo daktari amekwisha kuyauliza, na kwa nini huandika majibu katika karatasi iliyopigwa mistari kama daftari la hesabu ya duka. Wanafunzi nao, ambao baadhi yao ni watoto wa parokia zetu, hutuuliza jinsi ya kuitengeneza karatasi hiyo hiyo. Basi katika toleo hili tunawajibu wote kwa pamoja.

Karatasi hiyo ni jedwali la kutofautisha magonjwa yanayofanana. Hatuwezi kuyaeleza majedwali yote, kwa maana yapo ya maumivu ya tumbo, ya kichwa, ya degedege na mengine mengi. Tutachukua moja tu, lile ambalo katika ukanda wetu wa malaria hutumika karibu kila siku: mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano aliyeletwa kwa sababu anapumua haraka.

Daftari limepangwa kinyume

Mwanafunzi anapofika kwetu huwa na daftari zuri la masomo. Jumatatu alifundishwa malaria, akaandika chanzo chake, dalili zake na tiba yake. Wiki mbili baadaye alifundishwa nimonia kwa mpango ule ule. Mwezi uliofuata pumu, na muhula mwingine upungufu wa damu. Kila ugonjwa una ukurasa wake, na ndani ya ukurasa huo kila kitu ni sahihi.

Shida ni kwamba mama hafiki mapokezi akasema, "Nimeleta malaria." Husema, "Mtoto anahema, hajalala usiku kucha." Daftari linatoka kwenye ugonjwa kwenda kwenye dalili, lakini mgonjwa anatoka kwenye dalili kwenda kwenye ugonjwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jedwali ni kuligeuza daftari. Juu kabisa mwanafunzi aandike lile lililomleta mgonjwa, pamoja na umri, kisha apekue daftari lake lote akitafuta kila ukurasa ambamo jambo hilo limetajwa. Umri usisahaulike. Jedwali la mtoto wa miaka miwili halimfai mtoto mchanga wa wiki tatu, ambaye dalili zake ni chache na hali yake hubadilika ndani ya saa chache. Wala halimfai babu yake, ambaye kwake tungefikiria kifua kikuu na moyo mapema zaidi.

Mwanafunzi aliyefanya hivyo vizuri atapata magonjwa zaidi ya kumi. Hapo wengi hukosea, kwani huyapanga yote kwa herufi au kwa mpangilio wa kitabu. Sisi huwaambia wayapange kwa maswali mawili: ni lipi linaua haraka, na ni lipi tunaliona mara nyingi hapa kwetu? Kwenye milima ambako malaria ni nadra, mpangilio ungekuwa mwingine. Kwa ukanda wetu tunabakiza matano ya kuanzia, nayo ni nimonia, malaria kali, upungufu mkubwa wa damu, pumu, na kitu kilichokwama katika njia ya hewa. Mengine, kama kifua kikuu, kifaduro, magonjwa ya moyo ya kuzaliwa na kisukari, tunayaandika nyuma ya karatasi ili yasisahaulike pale matano ya mbele yanapokataa.

Kufuta yanayolingana

Jedwali la kwanza la mwanafunzi huwa limejaa hadi pembeni. Penye nimonia ameandika homa, kikohozi, kupumua haraka, kukosa hamu ya kula, kutapika, mwili kulegea. Penye malaria ameandika homa, kutapika, kukosa hamu ya kula, mwili kulegea, wakati mwingine kikohozi, kupumua haraka. Ukisoma mistari hiyo miwili utaona amenakili mambo yale yale mara mbili. Yote ni kweli, lakini hayamsaidii kitu akiwa amesimama mbele ya mtoto saa nane ya usiku.

Basi tunampa kalamu nyekundu afute kila kilicho sawa katika mistari yote. Homa inafutwa, kutapika kunafutwa, kukosa hamu ya kula kunafutwa. Hata kupumua haraka kwenyewe kunafutwa, kwa sababu ndilo jambo lililomleta mtoto na liko kwa wote. Wanafunzi huumia kuona kazi yao ikifutwa, lakini hapo ndipo jedwali linapoanza. Baada ya kufuta, mwanafunzi analazimika kurudi daftarini na kuuliza swali jingine. Homa anajua kuwa ipo katika magonjwa yote mawili; sasa auliza ilianza lini, kabla ya kikohozi au baada yake? Kupumua haraka nako kupo kwa wote, ila je, mtoto anapumua kwa kina au kwa kifupi? Hewa inamshinda kuivuta au kuitoa?

Tuliongeza safu moja ambayo haikuwa katika madaftari yao, tukaiita "mtego". Humo huandikwa lile linaloweza kumdanganya mpimaji. Ipo sababu. Dalili nyingi zina nguvu zikionekana lakini hazina nguvu zisipoonekana. Ukisikia mchakacho kifuani, sauti kama ya nywele zikisuguliwa karibu na sikio, nimonia ina uzito. Usipousikia hujaifuta nimonia hata kidogo. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo hutumia jedwali kama ufunguo wa mtihani: hakuna mchakacho, basi si nimonia, aende nyumbani.

Jedwali lenyewe

| Ugonjwa | Ulivyoanza | Anavyopumua na anavyosikika | Kinachoutambulisha | Mtego |
|---|---|---|---|---|
| Nimonia | Kikohozi na homa kwa siku chache | Haraka na kwa kifupi. Kifua cha chini hubonyea ndani. Mchakacho huweza kusikika | Kikohozi pamoja na pumzi nyingi. Oksijeni huweza kushuka | Mchakacho huweza kukosekana. Mwenye utapiamlo huweza kukosa homa |
| Malaria kali | Homa kwanza. Kikohozi kidogo au hakuna | Haraka na kwa kina, kama aliyetoka kukimbia. Kifua ni safi | Vijidudu katika damu. Mtoto hawezi kuketi au amezubaa | Kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba |
| Upungufu mkubwa wa damu | Polepole, au ndani ya siku chache akiwa na malaria | Haraka, moyo unakwenda mbio. Kifua ni safi hadi moyo uanze kushindwa | Viganja na midomo kuwa vyeupe. Damu kupimwa | Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huonyesha namba nzuri |
| Pumu | Amewahi kupata. Huzidi usiku, kwa vumbi, moshi au mafua | Kutoa pumzi huchukua muda. Mluzi pande zote mbili | Hupata nafuu kwa dawa ya kupulizia | Akizidiwa sana mluzi hunyamaza |
| Kitu kilichokwama | Ghafla, akila au akicheza | Hewa kidogo, au mluzi, upande mmoja | Habari ya kupaliwa | Huenda hakuna mtu mzima aliyeona |

Msomaji ataona kwamba jedwali hili ni fupi. Tungeweza kulijaza zaidi, lakini karatasi isiyosomeka kwa dakika moja haisomwi na mtu yeyote wakati wa zamu.

Kabla ya kulitumia lazima jambo moja liwe limefanywa sawasawa, nalo ni kuhesabu pumzi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi, na aliye chini ya miezi 2 ni 60 au zaidi. Nguo ifunuliwe, mtoto awe ametulia mapajani mwa mama, asiwe analia wala ananyonya, na saa itazamwe kwa dakika nzima. Mwanafunzi mmoja mwenye haraka alihesabu kwa robo dakika akapata 11, akazidisha mara nne, akaandika 44. Tulipomrudisha ahesabu dakika nzima alipata 36. Mtoto yule hakuwa akipumua haraka kabisa. Pumzi za watoto hazina mwendo sawa kama saa ya ukutani, na kosa dogo likizidishwa mara nne huwa kubwa.

Mjukuu wa bibi mmoja

Sasa tulitumie jedwali kwa mgonjwa. Tumebadilisha mambo madogo ili familia isitambulike.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa kike, umri miaka miwili na miezi mitatu, uzito kilo 10. Walifika saa sita mchana baada ya safari ya saa mbili. Alikuwa na dawa ya maji ya kikohozi na vidonge vya amoksilini alivyopewa mahali fulani siku mbili zilizopita. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto alianza kuhema kwa nguvu.

Mwanafunzi aliyekuwa zamu alihesabu pumzi kwa dakika nzima, akapata 56. Akaandika: kikohozi, pumzi 56, nimonia. Alitaka kubadilisha dawa ya vidonge kuwa ya sindano. Tukamwambia, "Mwanangu, karatasi yako iko wapi?" Aliitoa mfukoni, kidogo kwa aibu, akaanza upya kutoka safu ya kwanza.

"Bibi, shikamoo tena. Kilichoanza ni kipi, kikohozi au homa?"

"Ilianza homa, mjukuu wangu. Siku ya Jumapili usiku alichemka. Kikohozi nilikisikia juzi, tena kidogo. Huko nilikokwenda waliniuliza kama anakohoa, nikasema anakohoa."

Jibu hilo lina mafunzo mawili. Bibi alijibu ukweli aliyoulizwa, lakini aliulizwa swali lililokwisha futwa kwa kalamu nyekundu, lile lisilotofautisha. Pili, mpangilio wa siku ulikuwa tayari unasogeza kidole kutoka mstari wa nimonia kwenda mstari wa malaria. Kilisogea tu, hakikuthibitisha.

Safu iliyofuata ilimtaka mwanafunzi aweke chini kipimo chake cha kusikilizia kifua na atazame kwanza. Wanafunzi hupenda sana kile kipimo cha shingoni na mara nyingi hukitumia kabla ya macho. Alipotazama, aliona kwamba mtoto alikuwa akivuta pumzi ndefu, kifua chote na tumbo vikipanda pamoja, kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kifua cha chini hakikubonyea kwa kiasi cha kuonekana wazi. Aliposikiliza, hewa iliingia sawasawa pande zote mbili, hakuna mchakacho, hakuna mluzi.

Tueleze kidogo kwa nini malaria, ambayo si ugonjwa wa mapafu, humfanya mtoto ahema hivyo. Vijidudu vya malaria vinapokuwa vingi, chembe nyekundu za damu zilizoathirika huganda kwenye kuta za mishipa midogo, na damu haipiti vizuri. Chembe nyingine huharibika, hivyo oksijeni inayosafirishwa ni kidogo. Mwili ukikosa oksijeni hutengeneza tindikali nyingi, na tindikali hiyo huingia katika damu. Njia ya haraka ya mwili kuipunguza ni kutoa hewa chafu ya kaboni kwa kupumua kwa nguvu. Kwa hiyo mapafu ya mtoto huyu yalikuwa mazima. Yalikuwa yanafanya kazi ya kuokoa damu. Mtu akiyatibu mapafu peke yake, ameacha moto unawaka jikoni akifukuza moshi sebuleni.

Kisha viganja. Mwanafunzi aliweka kiganja cha mtoto kando ya kiganja cha bibi. Cha mtoto kilikuwa cheupe kama karatasi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilionyesha 97 kwa mia, naye akafurahi. Tukamwonyesha safu ya mtego. Kipimo kile hueleza ni sehemu gani ya damu iliyopo imebeba oksijeni, lakini hakielezi damu yenyewe ni kiasi gani. Fikirini mabasi matatu yaliyobaki katika kituo kilichokuwa na kumi na mawili. Yote matatu yamejaa abiria, lakini watu wengi bado wamekwama barabarani.

Maswali ya mistari miwili ya mwisho yalijibiwa haraka. Bibi alisema mtoto hajawahi kubanwa na kifua, na siku ugonjwa ulipoanza alikuwa amelala, hakuwa anakula wala kuchezea kitu. Pumu na kitu kilichokwama vikashuka chini ya orodha.

Muda wote huo haukuzidi dakika sita. Damu ikachukuliwa mara moja. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya na hadubini ilionyesha vijidudu vingi. Kipimo cha hadubini ni cha lazima hapa, kwa sababu kile cha haraka hutambua protini ya kijidudu ambayo hubaki katika damu wiki kadhaa hata baada ya mtoto kupona. Mtoto aliyetibiwa malaria wiki tatu zilizopita na sasa ana nimonia anaweza kuwa na kipimo chanya, na mpimaji akaridhika na jibu lisilo lake. Damu ya mtoto wetu ilikuwa gramu 3.8 kwa desilita. Sukari haikuwa imeshuka, nayo hupimwa kila mara katika malaria kali kwa maana kushuka kwake huua kimya kimya.

Daktari alipofika alikuta mistari miwili ya jedwali imetiwa alama, wa malaria kali na wa upungufu wa damu. Aliagiza sindano ya atesuneti, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, yaani miligramu 30, irudiwe baada ya saa 12 na saa 24. Akaagiza damu nzima, mililita 20 kwa kilo, yaani mililita 200, iingie kwa saa tatu hadi nne. Damu ya kundi lake ilikuwepo katika friji siku hiyo, jambo ambalo si la kila siku.

"Sasa jedwali lilikuwa la nini?"

Daktari aliagiza pia dawa ya kuua bakteria ya sindano. Mwanafunzi alitukabili baadaye akionekana amekwazika. "Sista, tumehangaika kuonyesha kwamba si nimonia, halafu mtoto anapewa dawa ya bakteria. Sasa jedwali lilikuwa la nini?"

Swali hilo ni zuri kuliko maswali mengi tunayoulizwa. Magonjwa hayasomi majedwali. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa pia na maambukizo ya bakteria katika damu au mapafu, na siku ya kwanza hakuna dalili ya kitandani inayoweza kuyafuta kwa uhakika. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba watoto wenye malaria kali, katika sehemu zenye malaria nyingi, wapewe dawa ya bakteria mpaka maambukizo hayo yatakapokataliwa. Mstari wa nimonia haukufutwa. Uliteremshwa kutoka wa kwanza kuwa wa tatu.

Na tofauti ya kuwa wa kwanza na wa tatu ilikuwa ni uhai. Kama mwanafunzi angebaki na neno lake la kwanza, mtoto angepata sindano ya nimonia saa saba mchana, na sote tungesubiri kuona kama atapata nafuu. Kwa damu ya 3.8 na pumzi za namna ile, huenda asingefika jioni. Jedwali lilitumika kuamua lipi lifanywe katika saa ya kwanza. Kesho yake asubuhi pumzi zake zilikuwa 34, na bibi alikuwa akimlisha uji.

Swali la siku ya kwanza

Safu tunayoipigania zaidi ni ya "ulivyoanza", na wanafunzi ndiyo wanaoidharau zaidi, kwa kuwa haina kipimo wala namba. Tutataja mgonjwa mmoja tu kwa ajili yake.

Mvulana wa miaka mitatu aliletwa na mama yake akiwa na kikohozi na homa. Ilikuwa mara ya tatu katika miezi minne. Mara mbili za kwanza alitibiwa nimonia kwingine na akapata nafuu, kisha ikarudi. Mama alikuwa na picha mbili za kifua ndani ya bahasha, na zote zilionyesha kivuli mahali pamoja, chini ya pafu la kulia. Nimonia inaweza kumpata mtoto mara tatu, hilo linajulikana. Lakini nimonia inayorudi mahali pale pale inauliza kuna nini mahali pale.

Mwanafunzi wa kike aliyekuwa naye hakuuliza, "Amewahi kupaliwa?" Swali hilo mama alikuwa amelijibu "hapana" mara mbili. Aliuliza, "Mama, siku ya kwanza kabisa alipoanza kukohoa, alikuwa akifanya nini?" Mama akafikiri. Akasema ilikuwa wakati wa kupukuchua karanga, watoto walikuwa wakizitupa juu na kuzidaka kwa mdomo, huyu akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, kisha akanyamaza akaendelea kucheza. Hakuona kama ni kupaliwa, kwa sababu kulikwisha.

Karanga haionekani katika picha ya kifua kama inavyoonekana sarafu au pini, kwa hiyo picha mbili zile hazikuwa na kosa. Kukohoa kunakotulia pia ni kawaida, kwani kitu kikishuka ndani zaidi koo hutulia na shida huhamia kwenye pafu. Mtoto alipelekwa hospitali ya rufaa, akalazwa usingizi wa dawa, na kipande cha karanga kikatolewa kwa mrija wenye taa. Mwanafunzi yule alirudi kwenye jedwali lake, akafuta neno "kupaliwa" katika safu ya pili na badala yake akaandika: "Uliza siku ya kwanza alikuwa akifanya nini." Sisi tukanakili maneno yake katika karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kwa wazazi walio nyumbani

Jedwali hili si la kutumia nyumbani kuchagua dawa. Tumeliweka hapa ili mjue ni majibu gani yanatafutwa mnapoulizwa. Kabla ya kutoka nyumbani, kumbukeni siku ugonjwa ulipoanza na kilichotangulia. Bebeni pakiti au chupa za dawa zote alizopewa, hata zilizokwisha, na za kienyeji zitajeni bila woga. Semeni kama alitibiwa malaria mwezi huo. Na aliyekuwa na mtoto siku ya kwanza ndiye aje naye, au aulizwe kwa simu. Akiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amezubaa au kifua kinabonyea, msikae kukumbuka chochote. Njooni, mtakumbuka njiani.

Na wanafunzi watakaokuja mwezi ujao, tafadhali msinakili jedwali hili kama lilivyo. Leteni daftari zenu na kalamu nyekundu. La kwetu limebadilishwa mara tatu tangu tulianze, na lile la mwanzo halikuwa na safu ya mtego.